Jadili, tathmini, kwa kiwango gani: lisome swali la fasihi kabla ya kupanga hoja

Mtahiniwa anayeijua hadithi vizuri ndiye aliye katika hatari kubwa ya kujibu swali ambalo hakuulizwa. Akiona jina la mhusika anayemfahamu, kalamu inaanza kukimbia. Anasimulia mwanzo hadi mwisho, anajaza kurasa tatu, na mtahini anazipekua akitafuta hoja asizione. Kinachomponza ni neno moja alilolipita haraka: jadili, tathmini, au kwa kiwango gani. Kila mojawapo linadai mpango wake, hata kama hadithi ni ileile.

Tuchukue hadithi inayojulikana sana kuanzia Ahero hadi Kisumu mjini, ile ya Lwanda Magere. Shujaa huyu wa Waluo wa Kano alikuwa na mwili mgumu kama jiwe, mikuki na mishale haikumpata. Maadui zake, Wanandi katika masimulizi mengi, walishindwa vitani wakaamua kumpa binti mrembo awe mkewe. Wazee walimwonya, hakusikia. Siku moja akaugua, akamwambia mke huyo amchanje ili apate dawa, lakini chale zichanjwe kwenye kivuli chake. Mke akakata kivuli, damu ikatoka. Usiku akatoroka kwenda kuwaambia watu wake. Vita vilipozuka tena, mkuki ukarushwa kwenye kivuli, na Magere akaanguka akageuka jiwe. Masimulizi hutofautiana hapa na pale, ila uti wa mgongo ni huo.

Sasa tazama maswali matatu:

"Lwanda Magere aliangamizwa na usaliti wa mkewe." Jadili kauli hii. (alama 20)

Tathmini nafasi ya mke katika kuangamia kwa Lwanda Magere. (alama 20)

Ni kwa kiwango gani usaliti wa mke ulisababisha kuangamia kwa Lwanda Magere? (alama 20)

Jadili inataka uifungue kauli na kuionyesha ilivyo ndani ya hadithi, kwa ushahidi. Hoja kamili ina sehemu tatu: jambo lenyewe, tukio linalolithibitisha, na sentensi inayoeleza jinsi tukio hilo linavyogusa kauli. Wengi huandika mbili za kwanza wakaiacha ya tatu. "Mke alitoroka usiku akawaambia watu wake kuhusu kivuli." Hilo ni tukio tu. Ongeza kwamba bila habari hiyo adui wangeendelea kulenga mwili ambao haukuingilika, na hapo hoja imekamilika.

Je, jadili hudai pande mbili? Si lazima kila mara. Katika mitihani yetu ya Kiswahili, kauli ikitolewa kama jambo lililokubalika, mwongozo wa kusahihishia mara nyingi hutafuta hoja za kuithibitisha. Lakini kagua kama ndani ya kauli kuna maneno ya kufunga mlango: pekee, tu, daima, wote. "Aliangamizwa na usaliti wa mkewe pekee" ni mwaliko wa kuonyesha visababishi vingine. Neno hilo moja hubadilisha nusu ya mpango wako, kwa hiyo lipigie mstari pamoja na jadili yenyewe.

Tathmini inaomba uamuzi, na uamuzi hauwezekani bila kigezo. Hapa ndipo majibu mengi hugeuka mahubiri: mke alikuwa mbaya, tusiwaamini watu. Mtahini hakuuliza tabia yake, aliuliza uzito wa alichofanya. Kigezo kinachofaa swali hili ni hiki: kama mke asingefanya jambo fulani, je, Magere angeangamia? Pitisha kila tendo hapo. Kukubali kuolewa ili awe karibu na adui: kulifungua njia, lakini peke yake hakukumdhuru. Kukata kivuli: alielekezwa na Magere mwenyewe, kwa hiyo siri ilitoka kinywani mwa mume. Kutoroka na habari: hili lina uzito mkubwa kuliko yote, maana ndilo lililoibadilisha siri kuwa silaha. Kigezo kimoja, matendo matatu, uzito tofauti. Unaweza pia kumtazama kwa jicho la watu wake, ambao kwao yeye ni shujaa aliyejihatarisha. Hiyo ni hoja nzuri mradi uirudishe kwenye swali la nafasi yake katika maangamizi.

Kwa kiwango gani ndiyo inayoangusha wengi, kwa sababu mtahiniwa huisoma kama thibitisha. Swali hili linakubali kwamba usaliti ulichangia, kisha linauliza umechangia kwa kadiri gani ukilinganishwa na mengine. Bila hayo mengine, huna cha kulinganisha nacho. Kabla ya kuandika hoja hata moja, tunga sentensi ya msimamo yenye kipimo: "Usaliti wa mke ulichangia kwa kiwango kikubwa, ingawa Magere mwenyewe aliupa nafasi." Sentensi hiyo inakupa mgao. Ukisema kiwango kikubwa, hoja nyingi ziwe upande wa usaliti, tuseme sita, na nne upande wa pili: kupuuza onyo la wazee, kutoboa siri, kujiamini kupita kiasi kwa sababu ya mwili wake, na mpango wa adui uliokuwepo kabla ya ndoa. Ukigawa tano kwa tano huku ukisema kiwango kikubwa, mpango unapingana na msimamo. Na usiziache hoja nne zikining'inia. Baada ya kila moja, eleza kwa nini hailingani na usaliti kwa uzito. Mathalani, kupuuza onyo kulimwingiza mke nyumbani, lakini adui hawakujua pa kurusha mkuki mpaka mke alipofika kwao.

Msimamo wa kinyume pia unatetewa: kwamba kiwango ni kidogo kwa kuwa Magere ndiye aliyetoboa siri. Kinachohukumiwa ni kama hoja zako zinaubeba. Usichofaa kufanya ni kuanza na kiwango kikubwa, ukabadilisha mawazo katikati na kumalizia na kiwango kidogo. Hilo hutokea mtu anapoamua msimamo akiwa tayari anaandika.

Kuna njia ya haraka ya kujua kama umelisoma swali. Ukishaandika mpango wako pembeni, futa neno la swali na uweke jingine, tathmini mahali pa jadili. Kama mpango haukuhitaji kubadilika popote, umepanga hadithi, hujapanga jibu.

Kuhusu muda, karatasi ya fasihi ya KCSE, 102/3, hujibiwa kwa saa 2 na nusu, maswali 4 ya alama 20 kila moja. Hiyo ni dakika 37 hivi kwa swali. Tenga 5 za kusoma na kupanga: moja ya kupigia mstari neno la kuelekeza na maneno ya kufunga mlango, moja ya kuandika msimamo au kigezo, tatu za hoja kwa maneno mawili matatu kila moja.

Swali likigawanywa (a) na (b), soma kila kipande peke yake, kwani mara nyingi amri hubadilika njiani. "(a) Eleza sifa nne za Lwanda Magere. (alama 8) (b) Tathmini jinsi sifa hizo zilivyochangia kuangamia kwake. (alama 12)" Katika (a) sifa na mfano vinatosha, alama 2 kwa kila sifa. Katika (b) usizirudie sifa hizo kwa maneno mengine. Chukua ujasiri uliotaja juu, uonyeshe ulivyomfanya amdharau adui, kisha uamue kama ulimponza zaidi au kidogo kuliko ukaidi wake kwa wazee.