“Was going to” au “would”: nafasi tatu kwenye safari ya Tukuyu

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Mbeya. Tulipewa habari hii tujaze nafasi kwa vitenzi vya kwenye mabano:*

*“One Friday I (1) ___ (travel) to Tukuyu with my aunt. We were at Uyole by six. But it rained heavily, and the driver said the bus (2) ___ (leave) at eight. At noon we went home. It (3) ___ (be) another two weeks before I saw Tukuyu.”*

*Nilijaza “would travel”, “will leave” na “would be”. Mbili za kwanza nimekosa. Ya tatu nimepata, ila nilibahatisha. Nitofautisheje?*

Marahaba. Makosa yako yote mawili yametoka kwenye Kiswahili, na Kiswahili hichohicho kitakusaidia kuyaona.

Tuanze na ya kwanza. Nadhani kichwani ulikuwa na “ningesafiri”, ukachukua “would” kwa sababu tumezoeshwa kwamba “would” ni “-nge-”. Lakini mtu wa Uyole akikusimulia safari iliyokwama, haanzi na “Ijumaa ningesafiri”. Atasema “Ijumaa nilikuwa nisafiri”, nawe hapohapo unasubiri “lakini”. Hiyo “nilikuwa nisafiri” ndiyo “I was going to travel”: mpango uliokuwepo siku ile, na msimulizi hajasema bado kama ulitimia. Sasa soma mbele ya nafasi. Kuna “but”, mvua, kisha watu wamerudi nyumbani. Mpango umevunjika. Ukiweka “would travel” pale mwanzoni, msomaji wa Kiingereza anatafuta “if” na haioni, au anadhani unaeleza mazoea ya kila Ijumaa, jambo ambalo “one” inalikataa.

“Was travelling” nayo ingefaa, maana Kiingereza huitumia kwa safari iliyokwisha pangwa. Kama mwalimu wako aliikataa kwa mwenzako, mwenzako ana haki ya kuuliza.

Nafasi ya pili ni fupi. Sisi tunasema “dereva alisema basi litaondoka saa mbili”, na “-ta-” inabaki palepale hata kama mambo yameshapita. Kiingereza hakituachii hivyo. “Said” inaivuta “will” irudi nyuma iwe “would”: “the driver said the bus would leave at eight”. “Will” ingebaki tu kama saa hiyo ya kuondoka ilikuwa bado haijafika wakati unasimulia, na hapa zimepita wiki mbili au zaidi. “Was going to leave” pia ni sahihi baada ya “said”. Kwa hiyo ukikuta “said”, “knew” au “thought” kabla ya nafasi, hapo tofauti ya hizi mbili inapungua sana na huna sababu ya kuhangaika. (Na “eight” ni saa mbili asubuhi; kuna wanaoandika “two” wakahamisha safari nzima.)

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Hapa hakuna “said” wala mpango wa mtu. Msimulizi anasimama kwenye Ijumaa ile, lakini anajua kilichotokea baadaye, anakuchungulisha mbele. Kiswahili kina neno lake kwa kazi hii: “kuja”. “Nilikuja kuiona Tukuyu baada ya wiki mbili nyingine.” Ukiweza kutafsiri nafasi kwa “alikuja ku-” na maana ikakaa sawa, weka “would”. “Was” tupu isingekuwa kosa la sarufi, ila ingekutoa pale Ijumaa na zoezi linataka ubaki.

Jaribu na historia ya Iringa: “In August 1891 the Hehe beat the Germans at Lugalo. Three years later the Germans would take Kalenga.” Wajerumani walikuja kuiteka Kalenga, na kweli waliiteka, mwaka 1894. Badilisha iwe “were going to take Kalenga” uone: msomaji anaanza kusubiri “but”, anadhani Mkwawa aliwazuia tena. Neno moja limegeuza historia, wala sarufi haijavunjwa.

Ndiyo maana kwenye zoezi la namna hii usijaze nafasi kabla ya kusoma sentensi tatu zinazofuata. Kiini cha jibu la nafasi ya kwanza kilikuwa kwenye “At noon we went home”, sentensi tatu mbele yake, na wewe ulishaandika.

Kuna “would” moja zaidi itakayokutega: “the engine wouldn't start”. Hiyo si ya baadaye hata kidogo. Ni injini iliyogoma kuwaka.