Simu haishiki netiweki, nyingine imeibiwa, na shifti inaanza

Swali: Kaka habari, niko famasi ya hospitali, naingia saa moja usiku. Chumba chetu kiko chini kabisa ya jengo, simu haishiki netiweki, kompyuta inaniambia nikubali kwenye simu na simu iko kimya. Alafu mwenzangu kaibiwa simu, fundi kamwambia akirudisha laini kila kitu kinarudi. Tufanyeje? Kwa sasa wote tunaingia kwa akaunti ya dada mmoja.

Jibu: Dada yangu, apu ya Microsoft Authenticator haihitaji netiweki kukupa namba za kuingilia. Nalirudia hili kila siku na bado watu wanapanda ngazi na simu mkononi kutafuta vijiti viwili vya netiweki. Kinachohitaji netiweki ni lile ombi la "kubali" na zile namba zinazokuja kwa meseji. Kompyuta yenu iko kwenye waya kwa hiyo yenyewe haina shida. Ombi likigoma usikae unalisubiri, angalia chini yake kuna maandishi `I can't use my Microsoft Authenticator app right now`, bonyeza hapo alafu chagua `Use a verification code`. Sasa fungua apu, gusa akaunti ya kazini, utaona namba 6 zinazobadilika kila sekunde 30, andika hizo. Jaribu hata ukiwa umezima data na laini umetoa, zitakuja tu. Kama kwenye akaunti yako namba hazipo kabisa au hilo chaguo halionekani, basi Aiti wenu wameifunga njia hiyo, wao ndo wa kuifungua.

Inawezekana kwa sababu siku ile uliposkani kile kimraba cha QR kuunga apu ulipewa ufunguo wa siri, nakala moja ikabaki kwenye simu na nyingine kwenye seva. Simu inachukua ufunguo na saa ya muda huo inapiga hesabu, seva nayo inapiga hesabu hiyohiyo kwa upande wake, majibu yakilingana unaingia. Hamna kinachosafiri hewani. Ila umeona hapo, saa ni nusu ya hesabu. Tuseme simu yako iko mbele dakika 4 kwa sababu ulishazima saa ya kujirekebisha yenyewe: hizo ni hatua 8 za sekunde 30, na seva kwa kawaida inavumilia hatua moja hivi kwa ajili ya watu wanaoandika polepole. Utaandika namba sahihi kabisa na itakataa, utarudia itakataa, utasema apu mbovu. Linganisha saa ya simu na ya kompyuta, zikipishana washa saa ya kujirekebisha ukiwa bado juu penye netiweki ndo ushuke.

Sasa huyo fundi. Laini utarudishiwa kwa alama za vidole na NIDA, sawa, na meseji zitarudi, lakini ule ufunguo haukuwa kwenye laini, ulikuwa kwenye simu iliyoibiwa. Kwa hiyo anachouza hapo ni upepo, na akishaanza kukuomba paswedi "aivute" akaunti, ondoka kibandani kwake. Mwenzako apige Aiti wa zamu, athibitishwe kuwa ni yeye kweli (kama wanakubali tu jina kwenye simu hiyo nayo ni hatari), amwombe `Temporary Access Pass`. Ni paswedi ya muda, admini anaitengeneza kwenye akaunti ya mwenzako, ya kawaida inaishi saa 1, inatosha kuingia na kuunga simu mpya. Alafu afungue `mysignins.microsoft.com/security-info` afute simu ya zamani. Aiti nao wamtoe kote alikokuwa ameingia, maana mwizi akiifungua simu atakuta imeshaingia.

Na hii akaunti ya dada mmoja ndo inayoniudhi kuliko mwizi. Kila chupa ya mofini inayotoka usiku kwenye mfumo inatoka kwa jina lake, hata kama yuko nyumbani amelala. Hesabu ikipungua anaulizwa yeye, nyie mtasema nini? Na msiende kwa ule ujanja mwingine wa kupiga skrinishoti ya kimraba mkairusha kwenye grupu la Wasap ili wote muwe na namba. Kikiwa ni kimraba chenye ufunguo wenyewe ndani, ufunguo huo hauishi muda kama zile namba, aliyeuhifadhi atatoa namba zako hata mwakani, mpaka ufutwe. Nimeona pia sehemu wanamwomba Aiti azime kabisa hatua ya pili ya kuthibitisha kwa simu kwa shifti ya usiku, yaani muda ule ambao hakuna anayeangalia ndo mlango unaachwa wazi.

Kama usiku hakuna admini, andikeni dawa kwenye fomu za karatasi kila mtu na saini yake, asubuhi ziingizwe na aliyetoa. Na mwombe Aiti akuunganishie kifunguo cha yuesibii kama njia ya pili, unakitundika na funguo za nyumbani, hakijali netiweki wala chaji.