Flashi haisomi kwenye simu kwa waya wa OTG

"Wakuu, flashi yangu ya GB 64 nikiichomeka kwenye simu kwa waya wa OTG haisomi. Kwenye kompyuta inafunguka vizuri. Shida nini?"

Juma: Umeme huo, simu haina nguvu ya kuiwasha. Badilisha waya.

Fundi Kona: Usikimbilie dukani. Flashi ina taa? Ikiwaka, na simu ikaleta ujumbe kwamba haiitambui, umeme unafika. Kinachogoma ni fomati. Kwenye kompyuta, bofya kulia juu ya flashi, fungua Properties, soma File system. Ukikuta NTFS, simu nyingi za Android haziisomi. Simu ikikuambia uifomati, usikubali, itafuta kila kitu. Nakili mafaili kwenye kompyuta kwanza, ndipo ufomati exFAT. Simu ya zamani ikiikataa hata exFAT, inabaki FAT32, ila hiyo haipokei faili moja la kufikia GB 4, kwa hiyo muvi kubwa sahau.

Taa isipowaka, tafuta neno OTG kwenye Settings. Simu nyingine zina swichi yake, na hujizima yenyewe usipoitumia kwa dakika 10 hivi. Kisha chomeka mausi: ikifanya kazi, waya ni mzima. Juma, flashi hula umeme kidogo tu.

Mama Abdul: Yangu ni hadi diski ya nje, TB 1. Inalia tik tik basi.

Fundi Kona: Hapo sasa Juma kapatia. Tumia habu yenye chaji yake.

Muulizaji: Taa inawaka, nimekuta exFAT tayari. Sasa?

Fundi Kona: Simu gani, na Android namba ngapi?