Vitabu vya maandishi makubwa: tazama mikono ya mzee kabla hujapeleka kazi mashine

Nyie mnaoanza kupanga vitabu vya wazee, naomba niwaeleze kitu ambacho mi nilikijua baada ya kuharibu kazi ya watu. Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu analifanya ni kufungua faili, kuchagua maandishi yote, kubadilisha 12 kuwa 18, afu anasema tayari kitabu cha wazee hiki. Hiyo 18 sio mwisho wa kazi, ndo kwanza umeanza.

Nilipata kazi ya mwalimu mmoja mstaafu, ameandika historia ya kijiji chao na methali za zamani, kitabu cha kurasa 96 saizi ya A5, herufi za Times pointi 12. Wenzake wa rika lake walishindwa kukisoma, akaja ofisini akasema mwanangu nitengenezee kingine, kikubwa, hawa wenzangu nataka wasome kabla hawajaondoka. Nikakubali kwa moyo wote. Nikaweka fonti ya Garamond maana naiona nzuri, pointi 18, nikakoza kitabu kizima kwa sababu nilidhani wazee wanataka herufi nene, na karatasi nikachagua ati pepa ya kung'aa ya gramu 130 kwa nia njema kabisa, nilitaka mwalimu apate kitu cha heshima. Namshukuru Mungu nilitoa nakala tano tu za sampuli, sio elfu moja.

Tukakaa barazani kwake na wazee wanne. Kila nikiuliza shikamoo mzee, unaona vizuri, najibiwa marahaba mwanangu, naona, kazi nzuri. Sasa hapo ndo ujifunze: usimuulize mzee kama anaona, atakujibu kwa adabu asikuvunje moyo. Mpe kurasa mbili asome kwa sauti, wewe kaa kimya utazame mikono yake. Mikono haina adabu, itakwambia ukweli wote.

Mzee wa kwanza akafungua, akaanza kukiinamisha kitabu huku na huku, akageuka akaupa mlango mgongo, mwisho akakinga ukurasa kwa kiganja. Huyo tatizo lake sio herufi, ni mng'ao. Jicho la uzeeni lenzi yake inakuwa ya njano na inapoteza uwazi, na mwenye mtoto wa jicho ndo kabisa, mwanga ukiingia unatawanyika ndani kama taa za gari kwenye kioo chenye vumbi. Karatasi ya kung'aa inarudisha taa moja kwa moja usoni, kwahiyo katikati ya ukurasa panakuwa na doa jeupe na maneno ya hapo yanapotea. Wewe mwenye miaka 25 unaliona hilo doa na unasoma tu, yeye hawezi.

Mzee wa pili alikuwa anakileta kitabu karibu na pua afu anakirudisha mbali. Huyo ni ukubwa, na mi nilishangaa sana maana si nimeweka 18! Nikachukua rula. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ile namba ya pointi haipimi herufi unayoiona, inapima nafasi nzima ambayo herufi imetengewa, pamoja na mkia wa g na kichwa cha k. Kinachosomwa kwa kweli ni kimo cha herufi fupi, zile kina a, e, m, n, x. Kwenye pointi 18 hiyo x ya Garamond inafika kama milimita 2.5, ya Times kama 2.8, ya Arial kama 3.3. Namba ni ile ile 18 lakini mzee mmoja amepewa kijiko na mwingine amepewa upawa. Kwahiyo chapisha ukurasa mmoja, pima x kwa rula, mi siku hizi sishuki chini ya milimita 3. Na ukichapisha chagua `Actual size`, usiache kwenye `Fit`, manake printa inapunguza ukurasa kimya kimya na wewe unapima uongo.

Uingereza na Marekani ambako hii kazi ina historia ndefu, maandishi makubwa yanahesabiwa kuanzia pointi 16 na wengi wanashikilia 18. Kuna bwana mmoja aitwaye Frederick Thorpe, mwaka 1964 kule Leicester alianzisha Ulverscroft, kampuni ya kuchapa vitabu vya herufi kubwa kwa wazee. Vitabu vyake vya mwanzo vilikuwa vikubwa na vizito mno kwa mikono ya wasomaji, ikabidi baadaye vipunguzwe viwe saizi ya kawaida huku herufi zikibaki kubwa. Kwahiyo yule anayekwambia chukua kitabu cha A5 ukikuze kwa asilimia 141 kiwe A4 basi yamekwisha, mwambie hapana. Pointi 12 itakuwa kama 17 kweli, ila umempa bibi daftari la ofisini alishike kitandani, na mistari imebaki mirefu na imebanana kama mwanzo.

Mzee wa tatu alikuwa anasoma vizuri, akifika mwisho wa mstari anarudi kuusoma ule ule tena, au anaruka mmoja, mpaka akaanza kuweka kidole. Kidole kikishatokea ujue nafasi kati ya mistari haitoshi. Mi niliacha ile ya kawaida, pointi 18 juu ya 21.6, nikaipandisha kuwa 24 kidole kikaondoka. Ukizidisha sana nako ni kosa, ukurasa unakuwa kama orodha ya majina, mstari haushikani na mwenzake. Kwa wanaotumia Word, msichague 1.5 mkadhani ni mara moja na nusu ya saizi ya herufi, ile inazidisha mstari wa kawaida ambao tayari una nafasi yake, mnapata karibu 31. Nendeni kwenye `Line spacing`, chagueni `Exactly`, andikeni 24 pt.

Halafu ule mpangilio wa kunyoosha kingo zote mbili, kwa Kiswahili na herufi kubwa uacheni kabisa. Maneno yetu ni marefu, mstari una maneno matano au sita tu, sasa likitokea "hawakumsindikiza" halitoshi linashuka chini, yaliyobaki juu yanavutwa mpaka yanaacha mashimo na jicho la mzee linatumbukia humo. Nyoosha kushoto, kulia kuache kama kulivyo. Na kukata neno mwisho wa mstari kuzime, kwenye InDesign ondoa tiki ya `Hyphenate`, mtu asianze neno mstari huu akalimalizie chini.

Mzee wa nne ndo alinifundisha kuhusu unene. Alikuwa anakwama kwenye neno moja moja, "mmomonyoko" akalisoma mara tatu. Nikaliangalia kwa karibu: zile m na n za kukoza, miguu imebanana kama uzio wa mabua, na tumbo la o na e limeziba wino. Herufi inasomwa kwa weupe uliomo ndani yake kama inavyosomwa kwa weusi. Ukikoza kila kitu weupe unakufa. Ila nyembamba nayo ni mbaya, zile fonti zenye mguu mmoja mnene na mwingine kama unywele, unywele ule unakatika kwenye uchapaji na n inabaki vijiti viwili. Tafuta fonti yenye unene unaolingana, unene wa kawaida au wa kati kama familia yake inao, `Medium`, na ile ya kukoza iache kwa vichwa vya sura na pale ulipokuwa unataka kulaza herufi. Herufi za kulala kwa wazee siweki tena hata mstari mmoja.

Na kabla hujaipenda fonti andika maneno mawili haya: "Ililiwa" na "ng'oa". Kwenye Arial, I kubwa na l ndogo ni kijiti kile kile, neno la kwanza linakuwa safu ya vijiti. Ile alama ya ng' nayo kwenye fonti nyingi imejificha kati ya g na o, mzee anasoma ngoa, na ngoa ni neno lingine kabisa. Nilihamia Atkinson Hyperlegible, iliyotengenezwa na Braille Institute ya Marekani kwa ajili ya wenye uoni hafifu, ni ya bure, l yake ina mkia na I ina kofia na kiatu. Bado ile alama niliisogezea nafasi kidogo pande zote mbili.

Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi. Saizi sentimita 17 kwa 24, pointi 18 juu ya 24, mistari 23 kwa ukurasa, herufi kama 40 kwa mstari. Kurasa 96 zikawa 208, na msishtuke, herufi ikikua mara moja na nusu inakua kwa upana na kwa urefu, karatasi inaliwa zaidi ya mara mbili, hilo mwambieni mteja siku ya kwanza kabla ya bei. 208 ni nzuri pia kwa sababu ni mafungu 13 ya kurasa 16, hakuna karatasi ya kutupa.

Karatasi tukachukua ya krimu isiyong'aa, gramu 100. Tulijaribu bondi ya gramu 80, maandishi ya nyuma yalikuwa yanaonekana kwa mbele kama kivuli, na kwa mzee kivuli hicho ni uchafu juu ya kila mstari. Kulijua hili ni rahisi, weka karatasi tupu juu ya kichwa cha habari cheusi, ukikisoma tafuta nzito zaidi. Kung'aa nako, kaa chini ya taa ya usiku, inamisha karatasi taratibu, ukiona umbo la taa ndani yake irudishe. Kwa gramu 100 kurasa zote zina uzito wa kama gramu 424 bila jalada, ile ati pepa yangu ya kwanza ingepita nusu kilo.

Tulirudi barazani saa moja jioni, taa moja tu ya sola, kwa sababu huo ndo mwanga wanaosomea. Watatu walisoma kurasa zao mbili kitabu kimetulia mapajani. Wa nne, yule wa mmomonyoko, aliniambia katikati ya kila neno panakuwa na ukungu hata aangalie vipi, nikamwomba mwanae ampeleke kliniki ya macho, maana ukungu wa katikati hauondoki kwa 18 wala 24, huyo anahitaji kioo cha kukuzia au mtu wa kumsomea. Mwalimu alikaa naye jioni tatu, akamsomea sura zote.