Matabaka au klasta? Nilivyopanga sampuli ya kaya Simanjiro

Mama wa kwanza tuliyemhoji katika kitongoji kile alisema kwenda lamboni na kurudi humchukua saa mbili na nusu. Wa pili akasema saa mbili. Wa tatu, saa mbili na nusu. Kitongoji kizima kilitegemea lambo moja, kwa hiyo hadi jioni wadadisi walishalijua jibu kabla mtu hajafungua mdomo. Kesho yake tukarudi palepale kuhoji kaya 15 nyingine, kwa sababu mpango niliouandika mwenyewe ulitaka kaya 30 kila kitongoji.

Utafiti ulihusu muda ambao kaya hutumia kupata maji wilayani Simanjiro, mkoani Manyara. Ni wilaya ya wafugaji, na maboma yake yametawanyika sana. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimejaribu njia nyingine: nilichukua daftari za kaya za vijiji, nikazigawa kwa matabaka, yaani makundi ya kaya zinazofanana, nikaokota kaya 400 mojamoja kutoka wilaya nzima. Kwenye karatasi ilipendeza. Uwanjani, gari lilitembea nusu siku kufuata kaya mbili. Wadadisi wakachoka, wakaanza kuhoji boma la jirani badala ya lile lililochaguliwa. Niligundua nilipofungua alama za GPS kwenye vishikwambi: mahojiano matatu ya kaya zilizopaswa kuwa mbalimbali yalifanyika mahali pamoja, yakipishana dakika chache tu.

Ndipo nikakimbilia klasta, yaani kuchagua vitongoji vichache na kuhoji kaya nyingi kila kimoja, na nikapitiliza kwa kutaka kaya 30.

Watu huniuliza wachague ipi kati ya hizo mbili, na mimi huona swali lenyewe linawapotosha. Matabaka na klasta hazifanyi kazi moja. Ukigawa kwa matabaka, unachukua kaya kutoka kila tabaka, hakuna linaloachwa, na lengo ni kuhakikisha watu wa aina tofauti wote wamo. Ukitumia klasta, unachagua vitongoji vichache na vingine vyote unaviacha, na lengo ni kupunguza safari. Tabaka zuri ni lile ambalo kaya zake zinafanana. Klasta nzuri ni ile ambayo kaya zake zinatofautiana, na hapo ndipo penye shida, kwa kuwa majirani huchota maji mahali pamoja.

Hasara ya kufanana huko inapimika. Uwiano wa kufanana ndani ya klasta huitwa rho, m ni idadi ya kaya unazohoji kila klasta, na deff ni hasara yenyewe, yaani kaya ngapi za klasta zinabeba taarifa ya kaya moja iliyookotwa mojamoja:

```
deff = 1 + (m - 1) * rho
```

Takwimu zetu za klasta 20 zenye kaya 30 kila moja zilitoa deff ya 6.8 kwa muda wa kuchota maji. Ukirudi nyuma kwenye kanuni, rho ni 0.2. Maana yake, kaya 600 tulizozihangaikia zilikuwa na uzito wa taarifa wa kaya 88 tu zilizookotwa mojamoja. Sasa weka klasta 40 zenye kaya 15. Jumla ni ileile 600, lakini deff inashuka hadi 3.8, na uzito wa taarifa unapanda hadi kama kaya 158. Ukienda klasta 50 za kaya 12, unapata kama 188.

Mbona basi sikuchukua 50? Gari moja lilibeba wadadisi wanne, na kila mmoja alimudu kaya nne kwa siku. Kaya 15 zinaisha kwa siku moja na nafasi kidogo inabaki ya kurudi kwa aliyekuwa malishoni asubuhi. Kaya 12 zingetuongezea safari kumi, na muda ambao tungeokoa kitongojini usingetosha kuzifidia. Kwa hiyo anza na swali la gari lako linamaliza kaya ngapi kwa siku moja, kisha ipe kanuni namba hiyo. Rho nayo usiibuni. Itafute kwenye takwimu za utafiti uliopita kuhusu swali lilelile, kwa sababu rho ya maji huwa kubwa, ilhali rho ya jambo linalotofautiana nyumba kwa nyumba, kama umri wa mkuu wa kaya, huwa ndogo.

Matabaka yakarudi hapo, ila safari hii niliyagawa kabla ya kuchagua vitongoji. Niliweka matatu: miji midogo ya Mirerani na Orkesumet, vitongoji vya kandokando ya mto Pangani, na nyika. Niliyachora kwa kufuata maji yanakotoka. Mipaka ya tarafa isingenisaidia, maana tarafa moja inaweza kuwa na mto upande mmoja na nyika kavu upande wa pili. Mto ungepata klasta tano kama ningegawa kwa idadi ya kaya. Niliupa nane ili niweze kuuzungumzia peke yake, miji ikapata 12 na nyika 20.

Kuchagua klasta ndani ya tabaka kulifuata ukubwa. Nazirahisisha namba ili hesabu ifuatike: tuseme tabaka la mto lina kaya 2,400 na unataka klasta nane. Gawanya, unapata hatua ya 300. Panga vitongoji kwenye orodha, jumlisha kaya zake ukishuka, chagua namba ya kubahatisha kati ya 1 na 300, mathalani 137, kisha ongeza 300 kila mara: 437, 737, na kuendelea. Kitongoji ambamo namba inaangukia ndicho kilichochaguliwa. Kikubwa kina nafasi zaidi ya kuchaguliwa, lakini kwa kuwa kila kimoja kinatoa kaya 15, kila kaya ya tabaka hilo inabaki na nafasi ileile, 1 kwa 20. Uzito wake ni 20, yaani kila kaya unayoihoji inawakilisha kaya 20.

Ila orodha hudanganya. Tulikuta kitongoji kilichoandikwa kaya 90 kikiwa na 126, na hiyo tuliijua kwa sababu tuliorodhesha wenyewe kwanza. Aliyeiandika orodha kabla yetu alihesabu maboma. Boma moja la Kimaasai linaweza kuwa na nyumba za wake wanne, kila mmoja na jiko lake na punda wake wa kubebea maji. Tulikubaliana kwamba wanaokula chungu kimoja ndio kaya, tukapita mlango kwa mlango pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Uzito wa kitongoji kile ukawa 20 × 126 ÷ 90, yaani 28. Ukiuacha 20, wake wa maboma makubwa wanapungua kwenye matokeo yako, na ndio hasa wanaobeba maji.

Kwenye uchambuzi, iambie programu ya takwimu ya Stata ulivyochagua, la sivyo itadhani kaya 600 zimeokotwa mojamoja na itakupa makosa ya makadirio madogo kupita kiasi:

```
svyset klasta [pweight=uzito], strata(tabaka)
svy: mean dakika
estat effects
```

Mstari wa mwisho ndio unaotoa deff utakayoipangia utafiti ujao. Kila tabaka libaki na klasta mbili au zaidi, maana likibaki na moja Stata haitaweza kukadiria kosa. Mvua ilipokata barabara ya mtoni tulipoteza klasta moja. Sikuiziba kwa kitongoji kilichokuwa karibu na lami. Niliziacha zile saba na kurekebisha uzito wake.