Chumba cha baridi cha kibandani: mashine ya ukubwa gani, na mlango unakula kiasi gani?

Swali: Habari fundi. Nina kibanda cha matunda na mboga sokoni Tanga mjini. Nimejenga chumba cha baridi cha mita 3 kwa 2, kimo mita 2.2, paneli za povu za sentimita 10 pande zote, hata sakafuni. Kila siku naingiza kama kilo 400: nyanya, hoho, maembe, matango. Fundi wa kwanza anasema mashine ya hospawa moja inatosha, wa pili anasema nisikubali chini ya mbili. Wasaidizi wangu wanaingia na kutoka siku nzima. Ninunue ipi?

Jibu: Dada, usianze na hospawa. Hiyo ni nguvu ya mota ya kompresa, nawe unachonunua ni uwezo wa kuondoa joto, ambao hupimwa kwa wati. Kompresa ileile hutoa wati nyingi chumba kikiwa nyuzi 12 na wati chache mno kikiwa chini ya sifuri. Kwa hiyo kwanza tuamue nyuzi, halafu tuhesabu joto linaloingia kwa siku.

Kwa bidhaa zako weka nyuzi 12. Nyanya na maembe mabichi huumia zikishuka chini ya hapo kwa siku kadhaa: nyanya inagoma kuiva vizuri na kuanza vidoadoa vilivyobonyea, embe ngozi yake inakuwa ya kijivu na ladha inapotea. Hoho ingevumilia baridi zaidi kidogo, lakini haitalalamika. Mchicha na karoti zinataka baridi kali zaidi, kwa hiyo usizitegemee humu. Tena mboga za majani zikikaa karibu na maembe yanayoiva hugeuka njano upesi kwa sababu ya gesi inayotoka kwenye tunda.

Sasa joto. Nje nachukua nyuzi 32, na hewa ya pwani yenye unyevu wa asilimia 70. Kuta, dari na sakafu kwa pamoja ni mita za mraba 34, na kwa paneli zako hupenya kama wati 170 tu, yaani takriban kilojuli 15,000 kwa siku. Kilo 400 zikiingia na nyuzi 30 na kushuka hadi 12 zinadai kilojuli 28,000. Matunda nayo yanapumua na kutoa joto lake, weka 9,000 kama chumbani kuna kama tani moja. Feni, taa na watu wanaoingia, 4,000.

Umebaki mlango. Hewa baridi ni nzito, hivyo unapofungua inamwagika nje kwa chini, na ya moto inaingia kwa juu kuziba nafasi. Washa ubani mlangoni siku moja uone moshi unavyokwenda. Mlango wa sentimita 80 kwa mita 1.9 ukiwa wazi kabisa, nusu dakika inatosha kubadilisha karibu hewa yote ya chumba chako. Kila nusu dakika hiyo naihesabu kilojuli 600. Na zaidi ya nusu ya joto hilo halitokani na ukali wa jua bali limo ndani ya unyevu: mvuke unageuka maji kwenye koili ya ndani, na mashine inalipia kila tone. Ndiyo maana hesabu ya fundi wa Arusha haitakufaa Tanga. Wasaidizi wakifungua mara 40 kwa siku, nusu dakika kila mara, unapata 24,000. Hiyo inakaribia kazi ya kupoza mzigo wote wa siku, na ni zaidi ya kuta zote kwa pamoja.

Jumla ni kilojuli 80,000. Mashine haipaswi kukimbia saa 24, inahitaji kupumzika ili maji yadondoke kwenye koili, kwa hiyo igawe kwa saa 16: unapata karibu kilowati 1.4. Ongeza asilimia 15 kwa siku mbaya, tunafika 1.6.

Hospawa moja ya kompresa ya majokofu ya biashara, kwa chumba cha nyuzi 12, kwa kawaida inavuka kilowati 1.6. Kwa hiyo fundi wa kwanza yuko sahihi, ila mwambie akuandikie wati, gesi ya mashine ikiwa inachemka ndani ya koili kwenye nyuzi 5 au 6 na hewa inayoizunguka mashine ya nje ikiwa nyuzi 40. Juu ya paa la bati mchana nyuzi hizo zinafikiwa bila taabu. Asipoweza kuandika, tafuta mwingine.

Ya hospawa mbili ingefanya kazi, ila si vizuri. Mashine kubwa inawaka kidogo na kuzima kila mara, na mara nyingi huuzwa pamoja na koili ndogo ya ndani. Koili ndogo lazima iwe baridi sana ili ifanye kazi hiyo, nayo inanyonya unyevu wa chumba hadi hoho zinasinyaa. Pesa ya ziada itie kwenye koili: itoe wati zako 1,600 ikiwa baridi kuliko hewa ya chumba kwa nyuzi 6 tu.

Sasa rudi kwenye zile mara 40. Ukitoa mzigo wa mauzo alfajiri kabla ya soko kuchangamka, na wa pili mchana, mkaweka akiba ya saa chache kwenye kreti kivulini, mlango unaweza kufunguliwa mara 15 za sekunde kumi. Hizo ni kilojuli 3,000, na mashine inayohitajika inashuka hadi kilowati 1.2. Tena mzigo mpya ukiuacha usiku mahali penye upepo ukapoa hadi nyuzi 25, na kuingizwa alfajiri, unapunguza karibu kilojuli 8,000, nawe unafika kilowati moja. Bado ningenunua ya 1.6, kwa sababu msimu wa maembe mzigo unaongezeka na wasaidizi huchoka kufuata utaratibu. Tofauti utaiona kwenye luku.

Tundika pazia la vipande vya plastiki, vigusane na kupishana, visiishie magotini. Likikunjwa pembeni ili watu wapite, ambacho ndicho kinachotokea masoko mengi, halina faida. Mwambie fundi aunganishe swichi ya mlango izime feni ya ndani unapofungua, maana feni inasukuma hewa yako baridi barabarani. Na lazima mlango ufunguke kwa ndani hata ukiwa umefungwa kwa nje.

Kitu kimoja usishangae: nyanya zitatoka jasho ukizileta mezani. Hewa ya Tanga huacha maji juu ya chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Toa zitakazouzika siku hiyo tu, zikauke kivulini bila kufunikwa. Ukizirudisha zikiwa na maji, ukungu huanzia kwenye vikonyo.

Mashine ikishafungwa, ipime usiku mlango ukiwa umefungwa na mzigo umeshapoa. Kuta, matunda na feni havizidi wati 350 hivi, kwa hiyo kompresa inapaswa kukimbia robo ya muda au chini yake. Ikikimbia bila kupumzika, ingia ndani mchana, mtu afunge mlango, uzime taa utafute mwanga kwenye raba ya mlango. Ukikuta raba ni nzima, angalia koili: katika chumba cha nyuzi 12 haipaswi kuwa na barafu. Ikiwepo, ama kreti zimeziba njia ya feni, ama koili imejaa vumbi, ama gesi imepungua. Anza na kreti. Ziache sentimita kumi kutoka ukutani, na usipange juu hadi usawa wa feni.