Re: Pikipiki niliyonunua Mafinga imekamatwa

"Wakuu, nilinunua pikipiki Mafinga kwa milioni 1.8, tukaandikishana kwa mtendaji. Juzi polisi Mbeya wameishika, wanasema iliibwa Uyole. Nina haki nayo?"

Pole mkuu. Kwanza uliza iliondokaje kwa mwenyewe. Kama iliibwa, ni yake bado, hata kama imepita mikono mitano. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema anayeuza mali isiyo yake bila idhini hakupi haki zaidi ya aliyonayo, na mwizi hana. Muhuri wa mtendaji (wengi tunauamini kama kadi) hausafishi wizi.

Ingekuwa tofauti kama mwenyewe aliiuza kwa hiari akatapeliwa, tuseme kwa hundi hewa. Hapo tapeli anapata umiliki unaoweza kubatilishwa. Ukinunua kwake kwa nia njema kabla mwenyewe hajaubatilisha, inabaki yako. Kwa hiyo omba kujua kwenye taarifa ya polisi kimeandikwa nini: wizi au utapeli.

Usichane ule mkataba. Pikipiki hauirudishi, ila unasaidia kuonyesha hukujua kama ni ya wizi, maana kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa la jinai. Pia ndio ushahidi wako dhidi ya muuzaji. Kila anayeuza anachukuliwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza, hata kama naye alinunua bila kujua. Mdai milioni 1.8 yote, asikukate eti umeitumia miezi kadhaa.

Kadi ilikuwa jina la nani?